Mguu mmoja wa OCO ukijaa nusu, usikimbilie kufuta mwenzake

Roboti yangu ya kwanza ya biashara ilikuwa na sharti moja nililoliamini kabisa: oda moja ikijaa, futa nyingine. Si ndiyo maana ya OCO, yaani one-cancels-other? Unanunua, unaweka miguu miwili ya kutokea, wa faida juu na wa stopu, wa kukata hasara, chini, na utakaotangulia kujaa unamwondoa mwenzake. Nilikwenda hivyo miezi kadhaa bila shida, kwa kuwa nilikuwa nanunua mkataba mmoja mmoja, na mkataba mmoja haujai nusu.

Nikapandisha hadi 10. Ilikuwa MES, ile mikataba midogo ya fyucha ya S&P 500 pale CME, ambako pointi moja ni dola 5 kwa kila mkataba. Niliingia kwa 5000, faida nikaiweka 5010, stopu 4994. Bei ikagusa 5010, ikageuka. Oda ya limiti hupanga foleni kama watu wa dirishani: waliotangulia walihudumiwa, mimi nikapata 4, na 6 zikabaki zinasubiri. Roboti kuona tu kwamba mguu wa faida umejaa, ikafuta stopu.

Nilipotoka kunywa chai, bei ilikuwa 4980. Mikataba 6 mara pointi 20 mara dola 5: hasara ya 600. Stopu ingekuwapo, zile 6 zingenigharimu 180 hivi, na zile 4 zilikuwa zimeshaniletea 200.

Kwa hasira nikarekebisha vibaya: mwenzake afutwe pale tu mguu utakapojaa wote. Siku chache baadaye faida ikajaa 4 tena, bei ikashuka, stopu ya 10 ikauza 10 ilhali nilibaki na 6. Nikajikuta nimeuza 4 nisizo nazo, na soko lenyewe likaanza kupanda. Hili naliogopa kuliko la kwanza, maana unadhani umeshatoka.

Jibu ni kuupunguza mguu wa pili, usiufute wala usiuache ulivyo. Kiasi cha kila mguu kikokotoe hivi, kila ujumbe mpya unapofika:

```
jumla_faida = kuingia_CumQty - stopu_CumQty
jumla_stopu = kuingia_CumQty - faida_CumQty
```

`CumQty` ni kiasi kilichokwisha kujaa hadi sasa. Itumie hiyo badala ya kujumlisha vipande vyako mwenyewe, kwa sababu mtandao ukikatika na kurudi, ujumbe uleule unaweza kuja mara mbili. Na oda ya kuingia ikijaa 7 tu, miguu yote miwili inakuwa ya 7 bila sharti jingine.

Angalia neno jumla. Katika FIX, itifaki ya ujumbe wa kutuma oda, unapobadilisha oda, `OrderQty` unayotuma inahesabu pamoja na kilichokwisha kujaa. Tuseme faida imejaa 4, stopu ikapunguzwa hadi 6, kisha stopu nayo ikauza 2. Umebaki na mikataba 4, lakini mguu wa faida unaandikwa 8: 4 zilizojaa na 4 zinazosubiri. Ukiandika 4, umeifunga oda bila kujua.

Tuma ombi la kubadilisha, usifute na kuweka upya, maana hapo katikati huna ulinzi. Ombi likiwa njiani usitume la pili. Subiri jibu, kisha kokotoa upya. Soko halikungoji, lakini. Stopu inaweza kujaa 10 zote kabla ombi halijafika, nawe ukajibiwa kwamba limekataliwa. Hapo futa kwanza zile 6 zilizobaki kwenye mguu wa faida, kwa kuwa nazo ni za kuuza na zitakuzamisha zaidi. Kufutwa kukishathibitishwa, nunua kiasi ulichouza zaidi.

Kama broka wako anaifanya kazi hii upande wake, mwachie. Interactive Brokers wana `ocaType`: 1 hufuta oda zilizobaki, 2 na 3 huzipunguza. Tofauti ni kwamba 2 hupeleka sokoni oda moja tu ya kundi kwa wakati mmoja, ili usijaziwe kupita kiasi. Mimi natumia 2.

Usitegemee akaunti ya majaribio ikuonyeshe haya yote. Ile niliyotumia mimi ilijaza oda nzima bei ikigusa tu, kama vile foleni haipo. Mimi huilisha roboti ujumbe wa kutunga: faida imejaa 4, kisha ujumbe uleule tena, kisha stopu imejaa 10 kabla ombi la kupunguza halijajibiwa. Mara ya kwanza kufanya hivyo, roboti yangu ilinunua 4 mara mbili.