Maswali na Majibu: Kompyuta imepoteza kasi, je, ni vumbi au ni themo pesti?

*Swali:* Ndugu Mhandisi, nahariri video za harusi hapa Igombe, karibu kabisa na ziwa. Mashine yangu ina prosesa ya Ryzen 5 3600 yenye feni iliyokuja nayo, na kadi ya picha ya GTX 1060. Ilipokuwa mpya prosesa ilikuwa inakaa gigahezi 3.9 wakati wa kutoa video. Sasa inashuka hadi 3.3. Kadi nayo imetoka megahezi 1850 hadi 1550, ingawa joto lake ni nyuzi 83 tu, na halizidi hapo. Fundi mmoja anasema nipulize vumbi, mwingine anasema nibadilishe themo pesti. Nianze na lipi?

*Jibu:* Ndugu yangu, anza na vumbi, kisha pima tena kabla ya kugusa pesti. Ukifanya yote mawili kwa mkupuo hutajua ni lipi lililokuwa linakuumiza, na kwa mtu anayeishi ufukweni jambo hilo ni la maana, kwa sababu vumbi litarudi mapema kuliko pesti itakavyochoka.

Kwanza niondoe hilo neno "tu" ulilolitumia kwa nyuzi 83. Kadi za aina yako zimewekewa lengo la joto la nyuzi 83, nazo zikilifikia hupunguza kasi kidogo kidogo ili zisilipite. Ndiyo maana joto linaonekana limetulia: limetulizwa kwa kunyang'anywa megahezi zako. Prosesa nayo hufanya hivyo inapokaribia nyuzi 95, na ikishuka chini ya gigahezi 3.6, ambayo ndiyo kasi yake ya msingi, huku joto likiwa limegota hapo, basi imezidiwa. Kwa hiyo usipime joto peke yake. Soma joto, kasi na mzunguko wa feni kwa pamoja, ukitoa video ileile kwa dakika 10, na saa ileile ya siku, maana chumba kikipanda nyuzi 5 na mashine hupanda karibu vivyo hivyo. Kwa prosesa tumia programu ya HWiNFO. Kwa kadi, amri hii ukiiandika kwenye Command Prompt ya Windows itakuandikia hali yake kila baada ya sekunde 2:

```
nvidia-smi --query-gpu=temperature.gpu,clocks.gr,fan.speed --format=csv -l 2
```

Unapopima, tazama jinsi joto linavyopanda, kwa sababu hapo ndipo vumbi na pesti hutofautiana. Pesti ikikauka, joto halivuki vizuri kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachoipoza, hivyo prosesa huruka hadi nyuzi 90 ndani ya sekunde mbili tatu, wakati hitisinki ukiigusa bado ni vuguvugu. Vumbi likiziba, joto linavuka vizuri ila halina pa kutokea. Hitisinki nzima hupata moto polepole kwa dakika kadhaa, na ukisimamisha kazi hupoa polepole vilevile.

Mashine moja niliyoifungua ilitoka mtaa wa ufukweni kama wako na ilikuwa na vifaa kama vyako. Ukiitazama kwa nje ilikuwa safi, kwa kuwa mwenyewe alikuwa anaifuta kila wiki. Nilipofungua skrubu za feni ya prosesa na kuinyanyua, chini yake kulikuwa na tabaka la kijivu lililoshikana kama kipande cha blanketi, likiwa limelala juu ya mapezi ya hitisinki. Lilikuwa mchanganyiko wa vumbi na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi na kufuata taa usiku. Tabaka la namna hiyo haliondoki kwa kupuliza kutoka juu. Hewa hulikandamiza zaidi kwenye mapezi. Ni lazima feni itoke, tabaka libanduliwe kwa kibano au kwa mkono, ndipo brashi laini na bloa zifuate.

Kabla ya hayo, chomoa waya wa umeme na ushike sehemu ya chuma ya kasha isiyopakwa rangi, ili umeme tuli wa mwilini utoke. Unapopuliza, zuia panga za feni kwa kidole, kwa sababu zikizungushwa kwa kasi isiyo yake beringi huharibika. Kompresa ya kujazia matairi siishauri kabisa: shinikizo lake ni kubwa na mara nyingi hutoa matone ya maji.

Baada ya vumbi peke yake, kadi ya mashine ile ilirudi megahezi 1770, lakini prosesa iliendelea kuruka hadi nyuzi 90 mara tu kazi ilipoanza. Hapo ndipo pesti ilipostahili kuguswa.

Kwa Ryzen yako kuna hatari moja inayoumiza wengi. Pesti iliyokauka hushika kama gundi, na ukivuta hitisinki wima, prosesa huchomoka kwenye soketi pamoja nayo huku lachi ikiwa imefungwa, na pini zake hupinda. Iendeshe mashine kwa kazi nzito dakika 10 ili pesti ilainike, izime, chomoa umeme, legeza skrubu nne kwa mpangilio wa msalaba, kisha izungushe hitisinki kushoto na kulia taratibu mpaka uisikie imeachia. Ndipo uinyanyue.

Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya duka la dawa, ambayo mara nyingi ni ya asilimia 70, inafaa pia, ila ina maji zaidi, hivyo iache ikauke kabisa. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere katikati ya prosesa, kisha kaza skrubu kwa msalaba, mizunguko miwili miwili.

Kadi ni tofauti. Chipu yake haina kofia ya chuma, kwa hiyo pesti ipakwe tabaka jembamba linalofunika uso wote hadi pembeni. Kona ikibaki wazi hupata moto peke yake. Legeza skrubu kwa msalaba na usiinyanyue hitisinki kwa pupa, kwa kuwa waya wa feni ni mfupi. Pedi laini zilizo juu ya chipu za memori, kama hazijachanika, zirudishe palepale. Ukilazimika kuzibadilisha, pima unene wake kwanza: pedi nene kuliko ya awali huinua hitisinki, na chipu kuu hukosa kugusana nayo sawasawa.

Mashine ile ilimalizia prosesa ikiwa gigahezi 3.9 kwa nyuzi 81, na kadi megahezi 1830 kwa nyuzi 74, feni zikiwa na sauti ndogo kuliko mwanzo.

Kama yako itaendelea kuruka hadi nyuzi 90 hata baada ya pesti mpya, fungua tena na uitazame alama iliyoachwa kwenye hitisinki. Pesti iliyotandazwa upande mmoja na kuwa nene upande wa pili inaonyesha skrubu zilikazwa kwa kuegemea. Futa, paka upya, kaza tena. Lakini kama joto liko chini kabisa na kasi bado haijarudi, acha kuhangaika na pesti. Tazama kwanza mpangilio wa umeme ndani ya Windows, kisha pawasaplai.