Akaunti ya klaudi ilisaspendiwa na faili za duka zikaondolewa, barua ya kuomba zirudishwe niiandikeje?

Swali: Kaka habari za kazi. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, madeni ya wateja, invoisi na stoku vyote nilikuwa naweka klaudi. Kadi ya malipo iliisha hela tarehe 2 Septemba mi nikawa sijui, tarehe 16 wakasaspendi akaunti, tarehe 16 Oktoba wakatuma imeili kwamba faili zimeondolewa. Leo tarehe 28 ndo naiona, maana zilikuwa zinaingia kwenye imeili ya mdogo wangu aliyenifungulia akaunti. Nimewaandikia mara tatu "naombeni mnirudishie faili zangu" napata majibu yaleyale ya kujitengeneza. Niandike barua gani wanielewe?

Jibu: Pole sana dada. Kabla ya barua kuna kitu kimoja ufanye sasa hivi, zima Wi-Fi kwenye laptopu ya dukani na usiiwashe mpaka umalize hii aya. Ile programu ya klaudi kazi yake ni kufananisha folda ya kwenye laptopu na ya kule juu, sasa ukilipa deni akaunti ikafunguka huku kule juu ni kweupe, programu inaweza kuona kweupe ndo ukweli na kufagia na za kwako. Kwa iyo ukiwa huna netiweki chukua flashi au diski ya nje, kopi folda nzima, halafu fungua faili mbili tatu toka hukohuko kwenye flashi uone zinafunguka. Nasema ufungue kwa sababu jina la faili kuonekana haimaanishi faili ipo. Kwenye OneDrive kwa mfano, yenye tiki ya kijani ipo kwenye diski yako, yenye kialama cha wingu ni jina tu, mzigo wenyewe uko kwao, na ukijaribu kuikopi bila netiweki itagoma. Hizo zilizogoma ziandike majina kwenye daftari, ndo utakazoziombea.

Sasa kwa nini hawakuelewi. Neno "kuondolewa" kwao lina hatua kama tatu hivi. Akaunti ikisaspendiwa faili huwa zipo palepale, umefungiwa mlango tu. Baadaye zinawekwa alama ya kufutwa, huzioni lakini bado zimo, na kuna siku zimehesabiwa. Hizo siku zikiisha ndo zinafutwa kabisa, na hapo hata wao hawana pa kuzitoa, maana bakapu zao zimetengenezwa kwa ajili ya siku seva zimeungua au mtambo mzima umeanguka, sio kuchomoa faili za duka moja. Kila kampuni ina siku zake, pipa la taka la Google Drive ni siku 30, la OneDrive ya kazini ni 93, na hapo tunaongelea vitu ulivyofuta mwenyewe, akaunti iliyosaspendiwa inaweza kuwa na hesabu yake tofauti kabisa, soma kwenye masharti yao. Ya kwako tukichukulia ni siku 30 toka tarehe 16 Oktoba, mwisho ni tarehe 15 Novemba, una siku 18. Ndo maana ombi la kwanza kwenye barua sio "nirudishieni", ni "simamisheni saa". Kurudisha kunaweza kuchukua wiki mbili za kutumiana imeili, na ufutaji unaendeshwa na kompyuta, hauna habari kama kuna mtu anasoma barua yako.

Lipa deni kwanza, lakini baada ya ile kopi. Halafu andika kupitia ileile imeili iliyofungulia akaunti, yaani ya mdogo wako, mkae naye pamoja. Wao hawajui duka ni la nani, wanajua imeili tu, na mtu anayeandika toka imeili nyingine kudai faili za akaunti isiyo yake anafanana sana na mwizi. Mi nshaona mtu anazungushwa siku kumi kwa hilo tu. Barua iwe hivi, tiketi ni ile namba ya ombi waliyokupa ulipowaandikia, na ukiituma geuza kwa Kiingereza chepesi kama sapoti yao haisomi Kiswahili:

> Ombi la kusimamisha ufutaji na kurudisha faili, tiketi namba [ile ya kwanza]
>
> Mimi ni mmiliki wa akaunti iliyosajiliwa kwa imeili hii. Malipo ya tarehe 2 Septemba yalishindikana kwa sababu kadi inayoishia na [namba nne za mwisho] haikuwa na salio. Akaunti ilisimamishwa tarehe 16 Septemba, na tarehe 16 Oktoba nilipata taarifa kwamba faili zimeondolewa. Deni nimelilipa leo tarehe 28 Oktoba, namba ya muamala ni [namba], risiti nimeambatisha.
>
> Kwanza, naomba msimamishe ufutaji wa kudumu wa data ya akaunti hii mpaka ombi hili limalizike, na mnithibitishie kwa maandishi.
>
> Pili, naomba mrudishe folda za Madeni, Invoisi na Stoku kama zilivyokuwa tarehe 15 Oktoba. Kama haiwezekani zote, anzeni na Madeni.
>
> Kama kuna folda haiwezi kurudi, naomba kujua faili zake zimewekwa alama tu ya kufutwa au zimeshafutwa kabisa, na siku ya mwisho ya kuzirudisha ni lini.

Basi, isizidi hapo. Ile sentensi ya kadi kukosa salio usione aibu ukaitoa, ndo inayomwambia anayesoma kwamba hili ni suala la malipo, linaenda meza ya malipo. Ukisaspendiwa kwa kuvunja masharti, kushea muvi za wizi kwa mfano, linaenda meza nyingine na barua yake inakuwa ya kukata rufaa, hii haifai. Habari za watoto na ada ziache, na usiandike paswedi wala namba nzima ya kadi hata wakikuomba.

Zile tiketi tatu ulizofungua usiongeze ya nne. Jibu kwenye ya kwanza, hizo nyingine waambie wazifunge. Wakijibu tena jibu la kujitengeneza, jibu hapohapo mstari mmoja, "naomba mtu wa kitengo cha malipo athibitishe ufutaji umesimamishwa", rudia baada ya siku mbili za kazi. Na akitokea mtu Instagramu anasema atazitoa kwenye seva kwa laki mbili, huyo mpotezee, hana mlango wa kuingilia.

Ikitokea wameshafuta kabisa, invoisi ulizowatumia wateja kwa WhatsApp huenda bado unazo kwenye simu, kama ni Androidi ingia hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Documents/Sent
```

Kopi folda yote kabla hujasafisha simu, na zile risiti za EFD za mauzo usitupe hata moja, TRA wanataka kumbukumbu za miaka 5 na hawatauliza klaudi yako ilifanyaje. Madeni ndo yatakusumbua zaidi, maana kwenye daftari hukuyaandika, itabidi upige simu mteja mmoja mmoja ukianza na mafundi wanaochukua saruji kwa mali kauli, ukiwa na invoisi mkononi.