Barua ya Siku ya Wazazi: Andika Saa, Andika Siku, na Usiisogeze

Jumamosi iliyopita, saa 3:20 asubuhi, wazazi wanane walikuwa wameketi mbele ya walimu wanane, kila mmoja kwa muda aliopangiwa. Nilisimama kwenye korido nikashindwa kujizuia, nikatoa machozi. Mwaka uliopita, kwenye korido hiyohiyo, nilisimama nikiomba radhi.

Nataka kuwaeleza walimu wenzangu kilichobadilika kati ya miaka hiyo miwili. Walimu, majengo na wazazi ni walewale. Kilichobadilika ni ukurasa mmoja wa barua.

Mwaka jana kazi ya kuandika mwaliko nilipewa mimi. Niliiandika kama tulivyozoea: "YAH: MWALIKO WA SIKU YA WAZAZI", kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha aya mbili za salamu na maelezo ya umuhimu wa ushirikiano kati ya nyumbani na shuleni. Mwisho kabisa nikaweka sentensi hii: "Tafadhali thibitisheni ushiriki wenu mapema." Zilitoka barua 286. Tulipata majibu 61.

Lakini hilo halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa lilikuwa muda. Nilinakili kutoka kwenye kalenda ya kompyuta: "9:00 hadi 1:00". Mimi nilikuwa nawaza asubuhi hadi mchana. Sasa isome wewe kama anavyosoma mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili: saa tisa hadi saa moja, yaani alasiri hadi jioni. Hakuna kinachomshtua msomaji, maana ni saa nne kamili na ni wakati unaoeleweka kabisa kwa shughuli ya shule. Walioelewa hivyo hawakukosea, nilikosea mimi.

Saa tisa alasiri tukiwa tunapanga viti, aliingia baba mmoja na mtoto wake, na nyuma yake wengine. Akanyoosha barua. "Mwalimu, si mmeandika saa tisa?" Mwalimu wa darasa la mtoto wake alikuwa ameshaondoka. Yule mtoto aliinamisha uso, akawa anakunja ukingo wa sare yake. Jumatatu yake kwenye kikao cha walimu niliambiwa mbele ya wote kwamba hata barua siwezi kuandika. Bado linaniuma. Sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nitaurudia hata mkinichoka: saa iandikwe kwa Kiswahili na sehemu ya siku iwekwe kila mara. "Saa 3:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana." Usiandike tarakimu peke yake. Ukitumia ratiba ya kompyuta au simu, ibadilishe kwa mkono, kisha mpe mtu asiyejua chochote kuhusu shughuli hiyo aisome kwa sauti na akuambie anafika wakati gani.

Sasa tuje kwenye tarehe ya mwisho ya kujibu, ambayo ndiyo roho ya barua nzima.

"Mapema" si tarehe, na "wiki ijayo" si tarehe. Hata "kabla ya tarehe 13" ina mtego, kwa sababu mmoja ataelewa kwamba tarehe 13 imo na mwingine ataelewa kwamba mwisho ni tarehe 12. Mwaka huu niliandika: "Mwisho wa kupokea majibu ni Alhamisi, tarehe 13 Agosti, saa 9:00 alasiri." Siku, tarehe, mwezi, saa. Jina la siku lina faida yake: ukikosea tarakimu moja, siku na tarehe zitapingana na mtu atakuuliza.

Tarehe hiyo sikuibuni tu. Niliipata kwa kuhesabu kutoka siku yenyewe kurudi nyuma. Shughuli ilikuwa Jumamosi tarehe 22. Kila mzazi apate dakika 10 na mwalimu wa darasa. Dakika 20 za kwanza ni za kukaribishana, halafu wazazi 10 kuanzia saa 3:20 hadi saa 5:00, mapumziko ya dakika 20, kisha wazazi 10 tena kuanzia saa 5:20 hadi saa 7:00. Jumla ni wazazi 20 kwa mwalimu mmoja, na darasa letu moja lina watoto zaidi ya 30. Wanaozidi 20 lazima wapate nafasi nyingine, nasi tukatenga Ijumaa tarehe 21, saa 9:00 hadi saa 11:00 alasiri, nafasi 12. Bila kujua mapema nani anakuja, huwezi kumgawia mtu yeyote dakika zake.

Mzazi anahitaji kujua muda wake siku chache kabla, ili aombe ruhusa kazini. Kwa hiyo ratiba ilipaswa kufika nyumbani Jumatano tarehe 19. Kuipanga kunachukua siku mbili, Jumatatu na Jumanne. Kabla ya hapo nahitaji siku moja ya kuwapigia simu waliokaa kimya: Ijumaa tarehe 14. Basi mwisho ni Alhamisi tarehe 13. Ningeweka Ijumaa, kipande cha majibu kilichosahaulika kwenye begi la mtoto kingelala huko mpaka Jumatatu na kunivurugia ratiba.

Barua zenyewe zilitoka Alhamisi tarehe 6, wiki moja kamili kabla. Mwisho wa wiki uliangukia katikati, mzazi akapata nafasi ya kushauriana na mwenzake. Kuna wanaotoa barua wiki tatu mapema wakidhani wanamsaidia mzazi. Anaiweka juu ya kabati, na huko inabaki.

Hii hapa barua, baada ya anwani na tarehe:

"Ndugu Mzazi/Mlezi,

Unakaribishwa shuleni Jumamosi, tarehe 22 Agosti, saa 3:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana. Utaona madarasa na kazi za mtoto wako, na utazungumza na mwalimu wake kwa dakika 10.

Ili tukupangie muda wako, tafadhali jaza kipande kilicho chini, ukikate na umpe mtoto amkabidhi mwalimu wa darasa. Mwisho wa kupokea majibu ni Alhamisi, tarehe 13 Agosti, saa 9:00 alasiri. Hata kama hutaweza kuja, tunaomba ukirudishe.

Muda wako utaletewa na mtoto Jumatano, tarehe 19 Agosti. Mzazi ambaye jibu lake halitatufikia kwa wakati bado anakaribishwa, ila atazungumza na mwalimu baada ya saa 7:00 mchana.

Sehemu hii ya juu baki nayo."

Niliiondoa ile "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na kuna mwenzangu aliyelalamika kwamba barua haina heshima. Heshima ninayoijua mimi ni kumwambia mtu aliyechoka na kazi, katika mstari wa kwanza, anaitwa wapi na lini.

Itazame ile sentensi ya "hata kama hutaweza kuja". Kimya kina maana nyingi: hakuipata barua, ameisahau, atakuja ila haoni haja ya kusema, au hatakuja na anaona haya kuandika hivyo. Jibu la "sitakuja" ni dakika 10 unazompa mzazi mwingine. Na ile ya "baada ya saa 7:00" si tishio. Tarehe ya mwisho isiyosema kitakachofuata ikipita haimsukumi mtu, na ukiijaza vitisho unamfukuza mzazi mwenye aibu, ambaye pengine ndiye uliyemhitaji zaidi.

Kipande cha chini kiwe kifupi. Changu kilikuwa na jina la mtoto na darasa, jina la mzazi na simu, kisha visanduku vinne vya kuweka alama: nitakuja Jumamosi kabla ya saa 5:00, nitakuja Jumamosi baada ya saa 5:00, naweza Ijumaa alasiri tu, sitaweza kuja. Halafu sahihi. Juu yake, karibu na mstari wa kukatia, tarehe ya mwisho niliirudia. Mwenye watoto watatu anajaza vipande vitatu, kwa sababu walimu ni watatu na muda hauwezi kugongana.

Hapa kuna jambo dogo lililotugharimu karatasi: nakala za kwanza zilichapwa pande mbili, na maelezo ya mahali pa kuingilia yakaangukia nyuma ya kipande. Mzazi angekata na kuturudishia maelezo tuliyompa. Nyuma ya kipande paachwe patupu. Kabla ya kuchapa zote, chukua mkasi, kata moja, uone kinachobaki mkononi mwa mzazi.

Wapo watakaokushauri uache karatasi, kila mtu ajibu kwa simu. Tulijaribu kwa darasa moja mwaka jana. Nilipata "Sawa mwalimu, tutakuja" kutoka namba nisiyoijua, bila jina la mtoto wala darasa. Ukitaka majibu ya simu, mwandikie mzazi mfano kamili wa kunakili: jina la mtoto, darasa, kisha neno "nakuja" au "siji".

Jumanne tarehe 11 nilituma ukumbusho wa mstari mmoja, kwa wale tu ambao hawajajibu. Ukiwatumia wote, aliyekwisha kujibu anaanza kudhani kipande chake kimepotea. Alhamisi saa 9:00 nilikuwa na vipande 251. Ijumaa nilipiga simu 35 na kupata majibu 23 zaidi. Familia 12 hazikupatikana, na hizo bado ziko moyoni mwangu. Walimu wao wamekubali kuzifuatilia mmoja mmoja.

Ijumaa hiyohiyo uongozi uliniomba niisogeze tarehe hadi Jumatatu, eti tuwahurumie. Nilikataa. Walimu wenzangu, usiisogeze. Waliojibu kwa wakati ndio wanaopaswa kuhurumiwa, kwa maana walituamini. Ukisogeza mara moja, mwakani kila mtu ataisoma tarehe yako akiongeza siku nne kichwani.

Jumanne tarehe 18 mama mmoja alileta kipande chake mwenyewe, akihema, na ratiba ilikuwa imeshafungwa. Nilimwambia nafasi yake ni baada ya saa 7:00 mchana. Hakubishana hata kidogo. "Ndiyo, Mwalimu, mmeandika," akasema, akanionyesha mstari wenyewe kwenye ile sehemu ya juu aliyokuwa nayo mkobani. Siku ilipofika, saa 7:05, alikuwa amekwisha kuketi.