Gharama halisi ya ovadrafti: kile ambacho asilimia 16 ya riba haikuambii

Mfanyabiashara anapopewa barua ya ofa ya ovadrafti, yaani ruhusa ya kuchota benki zaidi ya salio lake hadi kikomo walichokubaliana, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye riba. Akikuta asilimia 16 kwa mwaka, huondoka akiamini kwamba fedha hiyo itamgharimu asilimia 16. Mistari michache chini yake huwa kuna ada nyingine inayoonekana ndogo, nayo ni ada ya ahadi, ambayo benki hutoza juu ya sehemu ya kikomo ambayo mteja hajaichota. Nimefanya biashara ya jumla ya pembejeo za kilimo Makambako kwa misimu mingi na nimejadiliana na maofisa mikopo wa benki tofauti kuhusu ada hii. Ninaandika kwa sababu naona wenzangu wengi wakiipitisha bila kuihesabu, ilhali kwa biashara ya msimu kama yetu ndiyo inayoamua kama ovadrafti ni nafuu au ni ghali.

Ada yenyewe ina sababu ya msingi. Benki ikikuahidi shilingi milioni 200 ambazo unaweza kuzichota siku yoyote, inalazimika kujiandaa kwa siku hiyo hata kama hutafika, na maandalizi hayo yana gharama kwake. Sina ugomvi na jambo hilo. Ninachosisitiza ni kwamba mteja ajue analipia nini na kwa bei gani.

Tuchukue mfano unaofanana na hali ya duka la jumla la mbolea na mbegu katika Nyanda za Juu Kusini. Kikomo ni shilingi milioni 200, riba ni asilimia 16 kwa mwaka juu ya kiasi kilichochotwa, ada ya ahadi ni asilimia 1.5 kwa mwaka juu ya kiasi kisichochotwa, na ada ya kuandaa mkopo ni asilimia 1 ya kikomo chote, hulipwa kila mwaka mkopo unapohuishwa. Mvua huanza Novemba, kwa hiyo duka hununua mbolea ya kupandia mapema na ya kukuzia baadaye, kisha huuza na kurudisha fedha taratibu. Deni linakuwa milioni 100 Oktoba, milioni 180 Novemba na Desemba, milioni 140 Januari, milioni 80 Februari na milioni 40 Machi. Kuanzia Aprili hadi Septemba halidaiwi kitu. Ukijumlisha miezi yote na kugawa kwa 12, wastani wa deni kwa mwaka ni milioni 60.

Riba ya mwaka basi ni milioni 9.6. Sehemu isiyochotwa, kwa wastani, ni milioni 140, na ada yake ya ahadi ni milioni 2.1. Ada ya kuandaa mkopo ni milioni 2. Jumla duka limelipa milioni 13.7 kwa kutumia wastani wa milioni 60, nayo ni sawa na asilimia 22.8. Hiyo ndiyo bei halisi ya fedha hiyo kwa mwaka mzima, kabla ya kodi. Kwa Tanzania, tangu Julai 2016 ada za huduma za benki hutozwa VAT, wakati riba haitozwi, kwa hiyo kadiri gharama yako inavyohama kutoka kwenye riba kwenda kwenye ada ndivyo kodi inavyokugusa zaidi, hasa kama huna namna ya kuirejesha VAT hiyo.

Anayetumia jedwali la kompyuta anaweza kuandika wastani wa deni kwenye B1, riba kwenye B2, kikomo kwenye B3, ada ya ahadi kwenye B4 na ada ya kuandaa kwenye B5, kisha akaweka fomula hii:

```
=(B1*B2+(B3-B1)*B4+B3*B5)/B1
```

Badilisha B1 peke yake uone kinachotokea. Wastani ukiwa milioni 150, gharama hushuka hadi asilimia 17.8. Wastani ukiwa milioni 20, hupanda hadi asilimia 39.5, na hakuna neno hata moja lililobadilika kwenye barua ya ofa. Ndiyo maana wafanyabiashara wawili wenye mkataba unaofanana neno kwa neno wanaweza kuwa na mikopo yenye bei tofauti kabisa.

Wastani, hata hivyo, huficha jambo ambalo naliona ndilo kubwa zaidi, kwamba kikomo hakina bei moja kutoka chini hadi juu. Tuitazame sehemu iliyo kati ya milioni 140 na milioni 180. Milioni hizo 40 hutumika Novemba na Desemba tu. Riba yake kwa miezi miwili ni kama milioni 1.07. Kwa miezi 10 iliyobaki hulipiwa ada ya ahadi ya laki 5, na mgao wake wa ada ya kuandaa mkopo ni laki 4. Jumla inakaribia milioni 1.97 kwa fedha ambayo, ikisambazwa mwaka mzima, ni wastani wa milioni 6.7 tu. Sehemu hiyo basi inagharimu asilimia 29.5. Kama msambazaji wako anaweza kukukopesha mzigo wa milioni 40 kwa miezi hiyo miwili bila kuongeza bei sana, au kama unaweza kuahirisha ununuzi wa mbolea ya kukuzia hadi mauzo ya ile ya kupandia yaingie, kikomo cha milioni 140 kinaweza kukutosha.

Milioni 20 za juu kabisa hazichotwi kamwe. Hizo zinagharimu laki 3 za ada ya ahadi na laki 2 za ada ya kuandaa, yaani laki 5 kwa mwaka. Sisemi ziondolewe. Meli ikichelewa bandarini au bei ya mbolea ikipanda ghafla, nafasi hiyo ndiyo itakayokuokoa, na kwangu mimi laki 5 ni bei ya kinga ninayokubali kuilipa. Kuna anayejiwekea akiba hiyo hiyo kwa kuomba kikomo maradufu ya anachohitaji, na huyo ndiye ninayemsihi ahesabu upya.

Kuna ombi moja ambalo nimeona likikubaliwa na benki kuliko kupunguziwa riba, nalo ni kikomo cha msimu. Badala ya milioni 200 kwa mwaka mzima, omba milioni 200 kuanzia Oktoba hadi Machi na milioni 50 kuanzia Aprili hadi Septemba. Katika nusu ya kwanza sehemu isiyochotwa ni wastani wa milioni 80, na ada yake ni laki 6. Katika nusu ya pili milioni 50 zote hazichotwi, na ada ni shilingi 375,000. Ada ya ahadi imeshuka kutoka milioni 2.1 hadi shilingi 975,000, gharama yote imeshuka hadi karibu asilimia 21, na duka halijapoteza hata shilingi moja ya fedha lililoihitaji. Afisa mikopo mmoja aliniambia, "Kaka, kwetu hilo ni rahisi, maana fedha ile ya kiangazi tunaweza kumpangia mteja mwingine." Nenda na jedwali la deni lako la kila mwezi kwa misimu iliyopita, kwa sababu ombi lisilo na jedwali hilo hurudishwa.

Mpaka hapa nimezungumzia uamuzi wa kabla ya kusaini. Baada ya kusaini hesabu hubadilika. Ada ya kuandaa ikishalipwa hairudi, na shilingi utakayoichota leo huanza kutozwa riba ya asilimia 16 lakini huacha kutozwa ada ya ahadi ya asilimia 1.5. Kwa hiyo kinachoongezeka kwa kila shilingi unayochota ni asilimia 14.5, wala si 22.8 na wala si 16.

Tofauti hii hugeuza maamuzi. Tuseme mwezi Oktoba msambazaji anakuuzia mzigo wa milioni 50 kwa mkopo wa siku 30, na ukilipa taslimu anakupunguzia asilimia 1.5, yaani shilingi 750,000. Ili kulipa taslimu unachota milioni 49.25 kwa siku 30. Ukitumia asilimia 22.8 utapata gharama ya shilingi 924,000 hivi na utakataa punguzo. Ukitumia asilimia 14.5, ambayo ndiyo sahihi kwa uamuzi huu, gharama ni kama shilingi 587,000, na punguzo linakuachia zaidi ya laki 1 na nusu. Wapo wanaokimbilia mkopo mwingine wa muda mfupi wa asilimia 19 huku ovadrafti yao ina nafasi, wakidhani wamekwepa mkopo wa asilimia 22.8, kumbe wanalipa 19 na ada ya ahadi inaendelea kukatwa kule kule. Asilimia 22.8 hutumika tena wakati wa kuhuisha mkopo, unapoamua kama utabaki na kikomo hicho, utakipunguza au utakiacha.

Kuhusu barua yenyewe, kifungu ninachokitafuta kwanza ni kile kinachoeleza iwapo benki inaweza kusitisha kikomo na kudai fedha yake wakati wowote bila sababu. Ovadrafti nyingi huandikwa hivyo. Kama kifungu hicho kipo, na hapo hapo unatozwa ada ya ahadi, uliza kwa adabu lakini bila kuona haya ni ahadi gani unayoilipia. Omba moja kati ya mawili: ada iondolewe, au benki ijifunge kwa maandishi kutoa notisi ya muda unaokutosha kutafuta fedha kwingine katikati ya msimu.

Kisha angalia namna ada inavyohesabiwa. Inapaswa kutokana na salio la kila siku, si salio la siku ya mwisho wa mwezi, kwa sababu mfanyabiashara anayeweka mauzo benki mwishoni mwa mwezi huonekana kana kwamba hakuchota kitu. Angalia pia kama ada hukatwa kwenye akaunti hiyo hiyo ya ovadrafti. Ikikatwa hapo akaunti ikiwa inadaiwa, ada nayo inakuwa deni na huanza kutozwa riba. Baadhi ya barua hudai pia deni lishuke hadi sifuri kwa siku 30 mfululizo kila mwaka. Kwa duka la msimu sharti hilo halina shida, lakini siku zote hizo ada ya ahadi hutozwa juu ya kikomo kizima.

Kila robo mwaka chukua taarifa ya akaunti, toa salio la deni la kila siku kwenye kikomo, zidisha tofauti hiyo kwa asilimia ya ada na ugawe kwa 365, kisha jumlisha siku zote. Kiasi ulichokatwa kikizidi hapo, kosa la kawaida ni kwamba mfumo umetoza ada juu ya kikomo chote badala ya sehemu isiyochotwa. Kwa mfano wetu, kosa hilo lingefanya ada ya mwaka iwe milioni 3 badala ya milioni 2.1, na ukipeleka hesabu yako ya siku kwa siku pamoja na barua, mazungumzo ya kurudishiwa laki 9 hizo huwa mafupi.