Pole isiyo na harufu ya Kizungu: majibu kwa wanaotafsiri salamu za msiba

Bosi wetu ni mgeni, hajui Kiswahili vizuri. Mwenzetu alipofiwa alimwandikia: "Samahani kwa hasara yako." Watu walicheka pembeni. Angeandikaje? (Nakuru)

Kiingereza kina neno moja linalofanya kazi mbili, ya kuomba radhi na ya kumhurumia aliyepatwa na jambo. Kwetu kazi hizo zimegawanywa. Samahani ni ya mwenye kosa, pole ni ya mwenye kuhurumia. Kwa hiyo "samahani" kwenye msiba inasikika kama mtu anakiri kwamba ana mkono katika kifo hicho, na kuna maboma ambako neno hilo halitapita bila kuulizwa.

"Hasara" nayo ni ya duka. Mahindi yakioza ghalani umepata hasara, lakini baba akifariki umefiwa. Hapo ndipo penye siri ya tafsiri nzima. Kiingereza hulazimika kutafuta jina la kitu kilichopotea, ilhali Kiswahili kina kitenzi kinachomweka mfiwa mwenyewe mbele: umefiwa na baba, mmeondokewa na mama. Kitenzi kimoja kimekwisha kusema kwamba kifo kilitokea na kwamba kimemwangukia nani.

Angeandika: "Pole sana kwa kufiwa na baba." Na kama salamu inaenda nyumbani, "Poleni sana kwa msiba." Maneno "kwa msiba" au "kwa kufiwa" yasiachwe, kwa sababu pole peke yake ni pana mno. Hata aliyejikwaa pale stendi huambiwa pole.

Kumpoteza mtu pia kumezoeleka Kenya, nasi hatukukatazi. Ila usisahau kiambishi cha mtu: "kumpoteza mama". Ukiandika "kupoteza mama" utasikika kama unazungumzia kitambulisho.

Rafiki yangu amefiwa na nina namba yake tu. Ni "pole" au "poleni"? (Kisumu)

Ikiwa mnazungumza wawili, anza na "pole" kisha umalizie na "wape pole nyumbani". Ikiwa ni ujumbe mmoja tu, "poleni" ni salama zaidi, hata kama simu ni ya mtu mmoja. Msiba huwa wa boma, na ujumbe huo utasomewa wengine. Kosa tunaloliona sana ni kuchanganya: "Poleni sana, Mungu akupe nguvu." Ukianza na wengi, endelea na wengi mpaka mwisho: "Mungu awape nguvu."

Kampuni imenipa barua ya Kiingereza niitafsiri, isomwe mazishini Khwisero Jumamosi. Nimeitafsiri neno kwa neno, lakini nikiisoma kwa sauti inakuwa kama notisi ya kukatiwa umeme. (Kakamega)

Tunaiweka hapa rasimu yako, kwa kuwa karibu kila barua ya namna hii huharibikia palepale:

*"Kwa niaba ya usimamizi na wafanyakazi wote, tungependa kutoa rambirambi zetu za dhati kwa familia kufuatia kupita kwa marehemu. Alikuwa rasilimali kubwa kwa timu yetu na atakoswa sana. Mawazo na maombi yetu yako nanyi. Mjane ajisikie huru kuwasiliana nasi iwapo atahitaji msaada wowote."*

Anza na "tungependa kutoa". Kwa Kiingereza huo ni upole. Kwa Kiswahili, msikilizaji anangoja "lakini" ifuate: mngependa, mbona hamtoi? Toeni tu: "Tunawapa pole." Halafu "kupita". Mtu hupita mtihani au hupita njiani. Waombolezaji wataelewa, ila wataelewa kwa kutafsiri upya kichwani, na huo ndio ugumu unaousikia.

"Rasilimali" ni mbao, madini, maji ya ziwa. Hapa usitafute neno mbadala, kwa sababu hata Kiingereza chenyewe hakikusema kitu. Piga simu ofisini uulize mambo mawili: alifanya kazi gani hasa, na kwa miaka mingapi. Mtafsiri ana ruhusa ya kuuliza, na jibu la dakika tatu litaokoa barua nzima. Tuseme umeambiwa alikuwa dereva wa lori la maziwa kati ya Nakuru na Kisumu kwa miaka 11. Hayo yanatosha.

"Atakoswa" ndilo baya kuliko yote. Kukoswa ni kunusurika: mtu hukoswa na risasi. Unawaambia wafiwa, mbele ya jeneza, kwamba marehemu atanusurika. Wengine hukimbilia "atakosekana", ambalo ni la mtu asiyepatikana kwa simu. Kiswahili hulisema jambo hili kutoka upande wa waliobaki: tutamkumbuka, ametuachia pengo.

"Mawazo yetu yako nanyi" hayana mshiko, kwa sababu mawazo kwetu hayatumwi kama kifurushi, na mara nyingi "kuwa na mawazo" ni kuwa na wasiwasi. Weka "Tunawaombea" au "Tuko pamoja nanyi."

"Mjane" ni neno sahihi kwenye fomu na kortini. Anaposomewa mwenyewe akiwa amekaa kiti cha mbele, linampiga kofi. Mwite mama. Na "ajisikie huru kuwasiliana nasi" ni lugha ya kaunta ya wateja. Kampuni iseme itafanya nini, au inyamaze. Mwulize aliyekutuma ni nani atakayeshughulikia malipo ya marehemu, kisha uliandike hilo.

Baada ya kazi hiyo barua inakuwa hivi:

*"Mama, watoto, wazee wa ukoo na jamaa wote, poleni sana kwa msiba. Sisi wenzake wa kazi, pamoja na wakuu wetu, tumehuzunika nanyi. Kwa miaka 11 aliendesha lori la maziwa kati ya Nakuru na Kisumu. Akichelewa, alipiga simu kabla hatujamuuliza. Ametuachia pengo. Kuhusu haki zake za kazi, afisa wetu yuko hapa leo, na atazungumza na mama baada ya mazishi. Mungu awatie nguvu, naye ampumzishe kwa amani."*

Ni chini ya maneno 70, na husomwa kwa chini ya dakika moja. Tazama pia kwamba waliotajwa kwanza ni wafiwa, wala si usimamizi. Barua ya Kiingereza hujitambulisha kwanza kwa sababu imezoea kusomwa kwenye karatasi yenye nembo. Yako inasomwa chini ya hema, kipaza sauti kikipiga miluzi, na sentensi ndefu itapotelea hewani. Kila sentensi iwe ya pumzi moja. Ukikwama katikati ukisoma kwa sauti, ikate.

Sentensi ya simu, "akichelewa alipiga simu", lazima itoke kwa waliomjua. Usiitunge. Jirani zake watajua.

Kuna tofauti gani kati ya marehemu, hayati na jina lake tu? (Siaya)

Marehemu ni yeyote aliyefariki. Hayati hupewa zaidi watu wa hadhi, kama tunavyosema hayati Mzee Jomo Kenyatta. Kumwita fundi wa baiskeli hayati si tusi, lakini kunasikika kama gwaride.

Swali zuri zaidi ni kama neno lolote kati ya hayo linahitajika. Katika tangazo la kifo na katika ratiba ya mazishi, marehemu ni sawa kabisa. Katika ujumbe kwa mwanawe, siku ya kwanza, linamwondoa mzee nyumbani mapema mno. Andika "mzee wetu", "mama", "kaka yetu". Vivyo hivyo, "maiti" ni neno la hospitali na polisi. Kwa wafiwa, sema mwili: mwili utawasili Ijumaa.

Jambo la ajabu ni kwamba "amekufa" linakwaruza masikio ya mfiwa, lakini "amefiwa", lililotoka kwenye mzizi uleule, halimkwaruzi mtu. Kwa hiyo usilikwepe kufiwa ukidhani ni kali. Kwepa "kufa" kwa marehemu: amefariki, ametuacha, ametangulia.

Jirani amefiwa na mtoto. Kadi ya Kiingereza inasema mtoto yuko mahali pazuri zaidi. Nitafsiri hivyo? (Vihiga)

Hapana. Mama atasikia kwamba mapaja yake hayakuwa pazuri. Kiswahili kina wazo hilohilo, lakini hulileta kama dua, halidai: "Mungu amlaze mahali pema peponi." Tofauti iko kwenye umbo la kitenzi. "Yuko" na "atapata" ni tamko, na mfiwa anaweza kulibishia moyoni. "Amlaze", "awafariji", "awatie nguvu" ni ombi, na ombi halibishiwi. Kadi ikisema wazazi watapata faraja katika kumbukumbu, igeuze hivyohivyo: "Mungu awafariji." Usiwape wafiwa kazi ya kujitafutia faraja.

Angalia upatanisho pia: mahali *pema*, si mahali "mwema" wala "vyema".

Na ile "kazi ya Mungu haina makosa"? Ni yetu, si ya kutafsiriwa, na kwa mzee wa miaka 90 inapokelewa vyema. Kwa mtoto, au kwa aliyegongwa na gari barabarani, waachie wenyewe waiseme wakitaka.

Mwenye duka ninayefanyia kazi ni Mwislamu na amefiwa na mama yake. Nitumie ujumbe uleule ninaowatumia Wakristo? (Mumias)

"Poleni kwa msiba" ni ya wote. Badili dua: "Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe makosa yake, awape subira." Usiogope hilo la makosa. Kwa Mkristo asiyelizoea linaweza kusikika kama lawama, kwa Mwislamu ni ombi jema analolitarajia. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" iandike ikiwa unajua unachosema. Kuikosea ni kubaya kuliko kuiacha.

Jingine ni la wakati. Ujumbe wetu wa kawaida humalizika na "mtujulishe mipango ya mazishi", kwa sababu sisi huzika baada ya siku nyingi, mara nyingi Ijumaa au Jumamosi. Wao hujitahidi kuzika mapema, hata siku hiyohiyo. Ukiuliza mipango siku ya tatu, umeonyesha kwamba ulinakili.

Shuleni tulifundishwa "makiwa", jibu "tunayo". Mbona siyasikii Kisumu?

Ni Kiswahili safi, na wapo watakaokujibu. Ila katika meseji ya huku kwetu kitaonekana kama jibu la mtihani, na mfiwa asiyejua aitikie nini utamwongezea kazi. Rambirambi nayo iachie barua na redio. Na ukiandikia Tanzania, kumbuka kwamba huko rambirambi ni pesa pia. Ukiahidi kutuma rambirambi, kuna atakayeitazama simu yake akingojea.