Nikiingia tu bei inageuka: maswali yenu ya wiki hii

Kila nikibai, bei inashuka hapohapo. Ni kama broka ananiona. Tatizo ni nini?

Ndugu yangu, sisemi mabroka wote ni malaika, ila hilo lina kipimo rahisi: fungua chati ya broka mwingine, muda uleule, angalia kama ule utambi uliokuchoma upo na kule. Mara nyingi utaukuta, na ukiwepo basi hakuna aliyekulenga wewe, loti yako ndogo haimsumbui mtu.

Sasa jiulize ulibonyeza saa ngapi. Watu wengi hawabai pale bei imetulia, wanabai baada ya kendo tatu ndefu za kijani, maana ndipo moyo unakubali kwamba kweli inapanda. Na kwa wakati huo kuna mtu aliyebai kule chini ambaye ameshapata faida yake anataka kutoka, na kutoka kwake maana yake ni kuuza. Halafu juu kidogo ya kilele cha nyuma kuna stopu za walioseli, na stopu ya aliyeseli ni oda ya kununua, kwahiyo bei ikipita pale zinalipuka zote kwa pamoja bei inaruka kwa kasi na wewe unaona ni trendi imeanza kumbe ni watu wanalazimishwa kutoka. Zikiisha zile oda wanunuzi wa juu hawapo tena. Umenunua kwa mtu mwenye mzigo mkubwa aliyekuwa anawasubiri hapo, maana mzigo mkubwa hauuziki bila umati wa wanunuzi.

Na kuna kingine kinachosahaulika, unapobai unalipa bei ya juu na ukifunga unapewa ya chini, kwahiyo hata soko likisimama palepale wewe unaanza na hasi ya spredi. Hiyo siyo kugeuka, ni nauli.

Mimi na mwenzangu tulibai EURUSD kwa bei ileile na stopu karibu sawa. Yeye kapata mimi nimechomwa. Inawezekanaje?

Hili ndo swali nimelipenda kuliko yote, maana watu wanadhani faida ya kusubiri uthibitisho, yaani soko likuoneshe kwanza kwamba levo imevunjika kweli, ni kupata bei nzuri zaidi. Siyo lazima, ngoja nikupe mfano nilioutunga kwa namba rahisi uone.

Tuseme bei imekaa siku nzima kati ya 1.0800 na 1.0840, imegonga 1.0840 mara tatu ikarudi. Mara ya nne inakuja na kasi, inapita hadi 1.0849. Wewe unabai kwa 1.0846 huku kendo ya H1 bado haijafunga, stopu unaweka 1.0831. Dakika ishirini baadae kendo ile inafunga 1.0836, yaani ndani ya boksi, juu umebaki utambi tu. Bei inateleza hadi 1.0827 na stopu yako imeondoka.

Saa kadhaa mbele inapanda tena. Safari hii kendo ya H1 inafunga 1.0850, nje kabisa. Mwenzako habonyezi kitu. Bei inarudi taratibu mpaka 1.0838, kendo za M15 zinakuwa fupifupi, wauzaji wanajaribu kuisukuma ndani ya boksi wanashindwa, kisha kendo moja ya M15 inafunga 1.0845. Anabai kwa 1.0846, stopu 1.0832, chini ya pale iliporudi na nafasi kidogo ya kupumulia. Bei inafika 1.0874, pipsi 28 kwa kuhatarisha 14.

Umeona? Wote 1.0846. Wewe ulinunua wakati swali la kama 1.0840 imevunjika halijajibiwa, na stopu yako ilikuwa pipsi 15 kwa sababu ndizo ulizozimudu. Yeye alinunua baada ya wauzaji kujaribu na kushindwa, na stopu yake ilikaa mahali ambapo ikiguswa maana yake wazo lenyewe limekufa. Hiyo bei ni namba tu, kilichokuwa kimetokea kabla yake ndo tofauti.

Kwahiyo kendo ikifunga juu ya levo naingia?

Inategemea imefungaje. Ikifunga pipsi moja juu ya levo na utambi mrefu juu yake, mimi siigusi, ile imefunga kwa bahati. Ikifunga mbali sana nayo ni shida, maana stopu ya maana bado iko chini ya levo na wewe uko juu, unajikuta umerudi kwenye kuingia kileleni japo uthibitisho unao. Kipimo changu ni wastani wa urefu wa kendo 14 zilizopita, ile ATR. Kama kawaida ya H1 ni pipsi 12 na bei imeshaondoka pipsi 25 kutoka kwenye levo, naiacha irudi, isiporudi basi.

Ila kitu ambacho sikubali tena ni kuingia kwenye kendo inayotembea, ambayo bado haijafunga. Nilipoteza miezi kwa huo ugonjwa, dakika arobaini kendo ni nzito na nzuri, dakika tano za mwisho inageuka utambi.

Nikisubiri uthibitisho bei inaniacha. Si bora niseli kileleni kabisa na stopu fupi?

Dada, hii hoja ina uzito na wanaoikejeli hawajapiga hesabu. Tuseme unaseli palepale bei inapogusa resistensi, stopu pipsi 10 juu, lengo pipsi 40 chini. Ukishinda mara 1 kati ya 5 umerudisha hela yako kabla ya spredi. Sasa mwenzako anasubiri bei ikataliwe kwanza, anaingia pipsi 10 chini yako, stopu na lengo ni zilezile kwenye chati. Yeye anahatarisha 20 kupata 30, anahitaji kushinda mara 2 kati ya 5. Yaani uthibitisho umemgharimu, lazima umuongezee ushindi maradufu ndo alingane na wewe, na kuna levo ambazo hauongezi hivyo.

Tatizo la kileleni ni kwamba hujui ni kilele mpaka kimepita, na siku trendi ina nguvu utaseli mara nne mfululizo kwenye ukuta uleule. Kama unaweza kula hasara nane mfululizo bila kuongeza loti, fanya. Kama huwezi, na mimi siwezi, lipia uthibitisho na ukubali nyingine zitaondoka bila wewe. Kibaya zaidi ni kuchanganya, unasubiri kama mthibitishaji halafu ukiona inakuacha unaikimbilia katikati ya njia na stopu fupi ya mtu wa kileleni. Hapo umelipa gharama zote mbili.

Niliseli, chati haikufika kwenye stopu yangu lakini nimetolewa. Huu si wizi?

Angalia spredi kabla hujagombana. Chati nyingi zinachora bei ya kuuzia tu, na wewe uliyeseli unatoka kwa bei ya kununulia ambayo iko juu yake. Spredi ikiwa pipsi 2, chati ikiishia pipsi 2 chini ya stopu yako inatosha kukutoa, na usiku soko likiwa jembamba au habari zikitoka spredi hiyo inapanuka. Kwenye mipangilio ya chati washa mstari wa `Ask` utauona unavyocheza. Stopu za kuseli mimi nazisogeza juu kwa ukubwa wa spredi, za kubai naziacha zilivyo.