Muziki wa ukumbini: wazee wa Tukuyu na vijana wa singeli

"Harusi yetu iko Mbeya mjini. Wazee wanatoka Tukuyu, marafiki wanataka singeli. Dijei nimwambie nini?"

Dada, gawa kwa saa. Wakati wa chakula piga zilipendwa na rumba, sauti ya chini, meza za wazee mbali na spika. Ngoma ya Kinyakyusa iwekwe wakati wa zawadi, kabla mabasi ya Tukuyu hayajaondoka. Singeli na amapiano zifuate baadaye.

Orodha ya nyimbo zisizopigwa iwe fupi, ila taja wimbo na msanii. Ukiandika "za matusi" tu, dijei ataamua mwenyewe. Ongeza "na rimiksi zake", maana nyingi hurudi kwa mlango huo. Nakala mpe mshereheshaji, kwa sababu marafiki wa bwana harusi watamtunza dijei wapigiwe wanazotaka.